Pole Iliyomeza Neno

Watu wa mtaa ule walimwita Mkasi, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani ni mshonaji, maana chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la cherehani. Lakini Mkasi hakukata nguo. Alikata maneno. Harusi, hotuba, mahubiri, matangazo ya sabuni, na siku hizi yale mahojiano ya watu wawili wanaoongea kwa simu ya video, mmoja huku na mwingine kule, vyote vilipita mikononi mwake virefu na vichafu, vikatoka vifupi na safi.

Fundi cherehani, mama mnene mwenye mdomo usiochoka, hakuacha kumtania.

"Mimi nikikosea kukata, mteja anarudi kwangu na mguu mmoja wa suruali mkononi. Wewe ukikosea, nani atajua?"

"Hakuna atakayejua, mama," Mkasi alimjibu. "Ndiyo maana nalala vibaya."

Chumba chenyewe ungekiingia ungefikiri ni ghala la hoteli iliyofilisika. Kuta tatu zilifunikwa mablanketi chakavu ili sauti zisigonge na kurudi. Palikuwa na dirisha moja, kompyuta moja inayounguruma kama paka aliyeshiba, na hedfoni kubwa ambazo sponji zake zilikwisha zamani. Fundi cherehani alizishonea kitambaa cha maua, kikabaki kimebandikwa masikioni mwa Mkasi kama mashavu mengine mawili.

Alikuwa na sheria zake mbili. Ya kwanza: anayesikiliza asisikike. Mtu mmoja akiongea, sauti ya mwenzake unaizima, maana yule anayesikiliza naye ana kuku wake, pikipiki yake inayopita, kiti chake kinacholia, na uchafu huo wote unapanda juu ya maneno ya mwenzake. Ya pili: ukimya ni uchafu. Mtazamaji akiona watu wawili wamenyamaza kwenye simu ya video anadhani mtandao umekwama, anaondoka. Kwa hiyo Mkasi alikuwa akipita kwenye mahojiano kama mama anayechambua mchele, kila ukimya mrefu anautupa nje.

Sheria hizo zilimlisha miaka mingi. Hakuwahi kuzitilia shaka mpaka ilipofika kazi ya mjomba.

Mjomba ndiye aliyemlea. Mama yake Mkasi alifariki yeye akiwa bado anashika sketi za watu akitembea, mjomba akamchukua, akamweka kati ya watoto wake kama aliyezaliwa humo. Kazi yake ilikuwa kiwandani, chumba cha kukatia vigae. Alirudi jioni mweupe nyusi mpaka viatu, na watoto walimkimbia wakicheka wakisema mzimu umekuja. Kumbe walikuwa hawakosei sana. Vumbi lile halikuishia kwenye nyusi. Lilishuka kifuani likakaa, na miaka ilivyosonga mjomba akawa mtu wa kupumua kwa mashine, kibomba puani, amelala upande kwa sababu kulala chali kulimkaba.

Chumbani mle zamani kulikuwa na mafeni makubwa ukutani, yakinyonya vumbi na kulitupa nje. Siku moja wafanyakazi walifika wakakuta yamezimwa. Walipouliza, msimamizi aliwaambia amri imetoka juu. Juu wapi, hakusema. Hayakuwashwa tena. Sasa wale waliokata vigae pamoja na mjomba walikuwa wakikohoa mmoja mmoja, kila mtu nyumbani kwake, na kila mmoja alikuwa na jina lake moyoni la aliyetoa amri ile. Lakini jina la moyoni si ushahidi.

Ndipo akaja Redio. Huyu alikuwa mtangazaji mwenye chaneli yake mtandaoni, kijana mtanashati, na watu walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa haongei mpaka umuwashe lakini ukishamuwasha hazimiki. Aliahidi kumhoji mjomba. Kwa kuwa daktari alikataza wageni, walifanya kwa simu ya video: Redio kwake mbele ya kompyuta, mjomba kitandani, na mkewe akimshikia simu. Wenzake wa kiwandani wakasubiri. Walisema, mzee yule hana cha kuogopa tena, atasema yote.

Alisema. Siku chache baadaye akafa.

*

Redio alileta fleshi mwenyewe, mkono kwa mkono.

"Pole sana, dada. Mzee alikuwa jabali."

"Asante. Umerekodi vipi?"

"Vizuri tu. Nimerekodi kioo chote. Na sauti, ile programu imehifadhi kila mtu faili lake. Niliwasha mwenyewe, nilikumbuka ulivyonigombeza mara ile."

"Hapo umefanya la maana. Mzee alivaa spika za masikioni?"

Redio alikuna shingo. "Alikataa. Alisema vidude vya masikioni ni vya vijana waliokosa adabu. Halafu unajua hasikii vizuri, tukaweka spika ya simu mpaka mwisho."

Mkasi alivuta pumzi kwa meno. Mjomba alikuwa kiziwi nusu kwa kelele za mashine za kukatia. Simu iliyowekwa spika ina tabia yake: ikitoa sauti ya mtu wa mbali kwa nguvu, inaogopa sauti hiyo isiingie tena kwenye kipaza chake ikarudi kwa mwenyewe kama mwangwi, kwa hiyo inakibana kipaza. Mtu wa mbali akiongea, wa karibu anazimwa. Ni kama mlango mwembamba: wakikutana wawili, mmoja lazima arudi nyuma.

Alivaa hedfoni zake za maua, akaanza.

Picha ilikuwa mtihani wa kwanza. Redio alikuwa ameacha kioo kwenye mpangilio wa kumfuata msemaji: anayeongea anajaa kioo kizima, mwenzake anabanwa kwenye kijisanduku pembeni juu. Kwa hiyo picha ilikuwa ikiruka kila aliyefungua mdomo. Mjomba anaeleza kitu, Redio anaguna "mm", na papo hapo uso wa mjomba unaondoka, unakuja uso wa Redio mkubwa mwenye huruma.

"Ulishindwa nini kuweka visanduku viwili sawa?" Mkasi alimuuliza.

"Nilisahau. Roho ilikuwa juu."

Sauti ndiyo iliyompa faraja kidogo. Faili mbili, moja ya Redio na moja ya mjomba, zililala juu na chini kwenye kioo, kila moja na vilima vyake. Mkasi alizilinganisha zianze pamoja, akapandisha sauti ya mjomba iliyokuwa chini, akateremsha ya Redio iliyokuwa inapasua. Mashine ya kupumulia ilikuwa ikivuma nyuma ya maneno ya mjomba. Alijaribu kuusafisha mvumo wote, mjomba akawa kama anaongea ndani ya pipa la maji. Akarudisha kidogo, akaacha mvumo mwembamba, ili mtu asikie maneno na ajue pia kilichomweka hai anayeyasema.

Kisha akaanza kuzima sauti ya Redio kila mjomba alipokuwa akiongea. "Mm" ikatoka. "Ndiyo, mzee" ikatoka. "Pole" zikatoka, na zilikuwa nyingi. Redio alilelewa vizuri. Mtu mzima akikwambia shida yake, humwachi aongee peke yake kama anahutubia ukuta. Unaitikia. Lakini kila alipoizima "pole" moja, Mkasi alikuta chini yake, kwenye faili la mjomba, shimo. Simu ilikuwa imembana mjomba ili kumpisha Redio. Mahali pengi shimo lilikuwa dogo, limemeza silabi tu, maana ikabaki.

Mahali pamoja halikuwa dogo.

Mjomba alikuwa akisimulia habari ya mafeni, taratibu, anapumzika katikati ya maneno. "Sisi tuliambiwa tu amri imetoka juu. Tukakaa kimya. Watu wana watoto. Sasa mimi naondoka... aliyeagiza yale mafeni yazimwe ni..."

"Pole. Pole sana, mzee wangu."

Basi. Baada ya hapo ukimya mrefu, kisha Redio anauliza habari za familia.

Mkasi alirudisha nyuma akasikiliza tena. Aliizima sauti ya Redio. Chini yake hakukuwa na kitu, hata mvumo wa mashine haukuwepo. Simu ilikuwa imefunga mlango kabisa. Alipandisha sauti mpaka hedfoni zikaanza kuwasha masikio. Hewa tupu. Na picha, kwa ile tabia yake ya kuruka, ilionyesha uso wa Redio, kichwa kimeinama kwa heshima.

Mzee alikaa na neno lile miaka, akalileta mpaka mdomoni, na pole ikalimeza.

*

Alipomwita Redio asikilize, yule kijana alisimama nyuma ya kiti chake na hedfoni za maua kichwani. Alirudia mara kadhaa. Halafu akavua hedfoni akaziweka mezani polepole.

"Nilikuwa namwonea huruma," alisema.

"Najua."

"Hukusoma midomo?"

"Midomo ipi? Kioo kizima ni wewe."

Redio alizunguka chumba kile kidogo, hatua chache huku, hatua chache kule, akigusa mablanketi.

"Lakini sote tunajua alisema nini, dada. Alisema meneja. Wenzake wote wanasema meneja."

"Wenzake wanasema. Yeye hatujamsikia."

"Mwanzoni si anamtaja? Pale, 'meneja alikuwa anakuja mara mojamoja na suti yake.' Neno lipo, sauti ni yake, mdomo ni wake. Mkasi si ni wewe? Likate pale, lishone hapa."

"Unaniambia nimtie mtu maneno mdomoni."

"Nakwambia umrudishie neno lake nililompokonya mimi. Wale wazee wanakohoa huko. Wanasubiri. Nitawaambia nini, mtandao ulikatika?"

Mkasi alimwambia aende, atafikiri. Alipoondoka, hakufikiri. Alifanya.

Ndilo jambo ambalo baadaye lilimtisha, jinsi lilivyokuwa rahisi. Alilikata "meneja" la mwanzo. Kwa kuwa lilianza sentensi, lilikuwa juu kidogo, akalishusha. Akachukua mvumo mtupu wa mashine, ule wa mahali mjomba alipokuwa kimya, akautandaza chini ya neno ili kiungo kisijulikane. Picha haikumsumbua hata, maana uso wa Redio ulikuwa umejaa kioo na midomo ya mjomba haikuwepo kumsuta. Akaukata na ule ukimya mrefu uliofuata, kama kawaida yake, ili habari isonge.

Akabonyeza. "Aliyeagiza yale mafeni yazimwe ni meneja."

Ilikuwa safi. Mjomba alikuwa amelisema. Mkasi, aliyelishona mwenyewe kwa mikono yake, alisikia mwili ukimsisimka kwa jinsi mjomba alivyolisema kwa utulivu.

Kisha akalitia lile toleo kwenye simu yake, akafunga mlango.

"Unakwenda wapi na sura hiyo?" fundi cherehani alimuuliza kutoka nyuma ya mashine yake.

"Kupima nguo," alisema Mkasi.

*

Mkaza mjomba, mjane wa mzee, alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, akifua mashuka ya kitandani mwa marehemu ambayo yalishafuliwa. Mkasi aliona hilo na hakuuliza. Alikunja sketi, akakaa chini kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Ile kompyuta inakula badala yako?"

"Inakula, mama. Nimekuja usikilize kidogo. Maneno ya mjomba."

Mama yule alikamua shuka mpaka tone la mwisho, akalitandika mapajani. Mkasi akamtegea simu sikioni, kama mama mwenyewe alivyomshikia mumewe siku ile. Sauti ya mjomba ikatoka katikati ya povu na beseni. Uso wa mama haukubadilika alipokuwa anasikia habari ya vumbi, wala ya watu wana watoto. Lilipofika neno lile la mwisho, akageuza kichwa, akaitazama simu kama mtu aliyeitwa jina si lake.

"Rudisha."

Mkasi akarudisha.

"Hakusema hivyo," alisema mama.

"Una hakika?"

"Simu niliishika mimi. Mkono huu. Ulikuwa unaniuma mpaka bega." Aliifuta mikono kwenye kanga yake. "Hii sauti ni yake. Maneno si yake. Mmefanyaje?"

Mkasi alitazama chini. "Neno lilimezwa, mama. Yule kijana alisema pole, simu ikamziba mjomba. Tukadhani alisema meneja."

"Meneja alimwona wapi? Amri ile haikuja na mtu. Msimamizi alisema juu, na msimamizi mwenyewe akafa na hiyo 'juu' yake. Mjomba wako hakuwa anajua. Miaka yote hiyo hakujua. Ndilo lililomla kabla ya vumbi."

"Sasa alisema nini?"

"Alikuwa hasemi. Alikuwa anauliza." Mama aliinua kidevu, na kwa muda mfupi akawa na sura ya mumewe kabisa. "Alimwuliza yule kijana. 'Aliyeagiza yale mafeni yazimwe ni nani?' Maana kijana alimwambia ni mtu wa habari, anajua watu wakubwa, anaingia maofisini. Mjomba wako akasema moyoni, huyu ndiye wa kunijibu."

Maji ya beseni yalikuwa yametulia. Kuku alikuja akanywa ukingoni, hakuna aliyemfukuza.

"Akangoja," mama aliendelea. "Alikuwa anamtazama pale kwenye simu, anangoja. Simu ilipokatika akaniuliza, 'Amenijibu nini? Sikusikia.' Nikamwambia, amesema pole. Akageukia ukutani. Akasema, 'Sikumwomba pole.'"

Alichukua shuka tena, akalitumbukiza majini.

"Hakurudia tena kuuliza," alisema.

*

Kuna mahali kwenye mahojiano Mkasi alipapita akaona uchafu. Njiani kurudi aliuona ukimya ule wote, mrefu, jinsi alivyoushika kwa kipanya chake na kuufuta bila hata kuusikiliza. Ule haukuwa mtandao. Mjomba alikuwa pale ndani yake, hai, anangoja jibu, na yeye, mtoto aliyelelewa naye, alimkata akamtupa pamoja na makapi.

Bahati moja tu: mkasi wake ulikuwa wa kompyuta. Rekodi yenyewe haikuguswa. Alilifuta neno alilolishona, akaurudisha ukimya wote mahali pake.

Kisha akatazama pembeni ya kioo, juu, kwenye kile kijisanduku ambacho tangu mwanzo alikuwa akipanga kukifunika kwa nembo ya chaneli kwa kuwa kilimharibia mpangilio. Ndani yake, mdogo kama picha ya kitambulisho, alikuwa mjomba. Muda wote Redio alipojaa kioo, mjomba alikuwa pale pembeni.

Mkasi akaanza upya. Alinakili picha mara mbili. Nakala ya kwanza akaikata ibaki uso wa Redio, akaupunguza uingie nusu ya kushoto. Nakala ya pili akaikata ibaki kile kijisanduku, akakikuza mpaka kikajaa nusu ya kulia. Kila picha iliporuka, na yeye aligeuza: mkubwa ampunguze, mdogo amkuze, ili mtazamaji amwone mjomba kulia na Redio kushoto mwanzo hadi mwisho, macho yao yakiwa usawa mmoja, kana kwamba hakuna kilichoruka. Kazi ya kuchosha mgongo. Mahali alipomkuza kutoka kijisandukuni, mjomba alitoka na ukungu, kingo zimevunjikavunjika kama vigae vilivyokatwa vibaya. Midomo haikusomeka. Lakini kidevu kilionekana kikiinuka. Na macho yalionekana yakikaa mahali pamoja, hayaondoki.

Redio alipofika, Mkasi alimwonyesha bila utangulizi. Walitazama wote wawili mpaka mwisho wa ukimya. Kushoto, Redio wa kwenye kioo aliinamisha kichwa, akapekua karatasi zake za maswali, akatafuta linalofuata. Kulia, mzee mwenye kibomba puani alimtazama tu.

"Alisema nini?" Redio wa chumbani aliuliza.

Mkasi akamweleza yote, hata lile neno alilolishona bila kiungo kusikika.

Kijana akakaa juu ya kasha la nyaya. "Nilidhani amechoka," alisema. "Nilidhani nampumzisha."

"Najua."

"Unataka itoke hivi?"

"Sitaki. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Dada, sikiliza. Swali halimfungi mtu. Watu wanataka jibu. Ukiweka meneja, kesho kiwanda kizima kimesimama. Ukiweka hili, watacheka. Watasema mtangazaji gani huyu, mzee anakata roho anamuuliza, yeye anapekua makaratasi. Utanimaliza."

"Na ukiweka meneja, wakithibitisha si yeye? Watasema mzee alikuwa mwongo. Au watasikia kiungo, waseme yote yameshonwa, hata vumbi limeshonwa. Utammaliza yeye, naye amekwisha."

"Kiungo hakisikiki. Umesema mwenyewe."

"Mkewe alikisikia."

Redio alifunika uso kwa viganja. Mkasi hakumwambia pole. Alikuwa amejifunza bei yake.

"Angalau punguza ule ukimya," alisema Redio kutoka nyuma ya viganja vyake. "Nusu tu. Wataona imekwama."

"Alingoja wote, sio nusu."

Mwishowe yule kijana alinyanyuka, akavuta shati lake chini, akasema kwa sauti isiyokuwa ya redio kabisa, "Iache na pole yangu. Usiizime. Watu waisikie."

Ndivyo Mkasi alivyozivunja sheria zake zote mbili mahali pamoja. Pole ya Redio akaiacha wazi. Ukimya akauacha mzima, na kwa kuwa simu iliyoziba mlango ilichelewa kuufungua ikaacha shimo tupu kabisa, akatandaza chini yake mvumo mwembamba wa ile mashine, ili mtazamaji asidhani spika yake imekufa. Chini ya picha akaandika: Neno la mwisho halikurekodiwa. Mke wake, aliyekuwepo, anasema mzee aliuliza: ni nani?

*

Waliitazama kwanza nyumbani kwa mkaza mjomba, kwenye televisheni iliyoazimwa kwa jirani, kabla haijawekwa mtandaoni. Walikuja wale wa chumba cha kukatia, wale waliobaki na uwezo wa kutembea. Waliingia polepole, wakapumzika mlangoni, wakapumzika tena kwenye kiti. Mmoja wao, mzee mrefu waliyemwita Ngazi, alitania kwamba siku hizi kutoka kwake mpaka pale ni safari ya kuagana na mke. Wakacheka kidogo, kwa tahadhari, maana kucheka kulikuwa kunawaamshia kifua.

"Leo atamtaja," Ngazi alisema akikaa. "Nilimwambia, wewe mtaje tu, sisi tutamalizia."

Mkasi aliketi nyuma karibu na ukuta. Redio hakuweza kukaa. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma.

Mjomba akaonekana kulia, Redio kushoto. Sauti zilikuwa sawa, hakuna iliyopanda juu ya nyingine, kila neno lilifika. Watu wakatikisa vichwa kwenye habari ya vumbi. Kwenye "watu wana watoto," mmoja aliangalia sakafu.

"Sasa mimi naondoka... aliyeagiza yale mafeni yazimwe ni..."

"Pole. Pole sana, mzee wangu."

Kisha ukimya. Maandishi yakatokea chini. Mwenye macho aliwasomea wenzake kwa sauti ya chini, na aliposoma "ni nani," Ngazi alisogea mbele kwenye kiti chake, akangoja.

Ukimya ukaendelea. Mashine ikavuma.

"Imekwama?" aliuliza mmoja.

"Haijakwama," alisema mkaza mjomba. "Anangoja."

Hakuna aliyejibu. Mle ndani walikuwemo watu waliokata vigae miaka yote ile, kila mmoja na jina lake moyoni, na mzee kutoka kwenye kioo alikuwa akiwatazama usoni, kwa ukungu, kidevu juu. Ngazi alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, kikatoka kikohozi. Alijaribu kukizuia kwa ngumi, kikamshinda, na mwenzake wa pili akaambukizwa, na wa tatu, mpaka chumba chote kikawa kinakohoa mbele ya yule mzee aliyenyamaza. Vidole vya Mkasi vilisogea juu ya paja lake vikitafuta pa kuzima. Hapakuwepo.

"Na familia, mzee," Redio wa kwenye kioo aliuliza hatimaye, kwa ile sauti yake nzuri, "familia wanaendeleaje?"